Silika ya unga laini (meshi 230–400): uzoefu wangu baada ya kolamu mbili

Kwa muda mrefu, kutenganisha kemikali zilizochanganyika kwenye kolamu, nilitumia silika yenye chembe kubwa, meshi 60–120, kwa sababu ni rahisi na kiyeyushi hushuka ndani yake chenyewe bila kusukumwa. Mwezi uliopita nikanunua kilo moja ya unga laini, chembe za mikromita 40 hadi 63. Kazi niliyoipima nayo ni kutengeneza na kusafisha asetilferosini: ferosini gramu 0.5, asetiki anhidridi, asidi ya fosfori. Nimeichagua kwa sababu ina rangi, kwa hiyo kolamu ikiharibika unaliona kosa kwa macho.

Kolamu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Mchanganyiko ghafi haukutaka kuyeyuka kwenye heksani, nikauyeyusha kwa mililita 4 za dikloromethani na kuumimina juu ya silika. Hicho ni kiyeyushi kikali. Badala ya kukaa kama utepe mwembamba, rangi ilizama sentimita nne papo hapo, manjano na nyekundu pamoja. Halafu nikaenda kupokea simu, koki iko wazi. Niliporudi heksani ilikuwa imeshuka chini ya uso wa silika na ufa mweupe umepasua katikati. Ukiongeza kiyeyushi baada ya hapo, kinapita kwenye ufa kama maji kwenye mfereji. Nilikusanya testitubu thelathini za rangi ya chungwa, zote zikiwa na madoa mawili kwenye kibamba cha silika cha kupimia. Nikakausha, nikaanza upya.

Mara ya pili nilipima kwanza kwenye vibamba. Kwa heksani tupu ferosini ilipanda karibu nusu ya njia, asetilferosini ikabaki chini kabisa. Kwa heksani na ethili asetati, 4 kwa 1, asetilferosini ilifika Rf 0.3, yaani sehemu 0.3 ya njia aliyopanda kiyeyushi. Hapo ndipo unapopataka: ukianza na kiyeyushi kinachoipeleka 0.6, vitu vyote vitatoka mapema vikiwa vimeshikana, na ukianza na 0.05 utakusanya mpaka usiku.

Kolamu yangu ina kipenyo cha sentimita 2.5. Chini niliweka pamba kidogo, mchanga wa unene wa kidole, kisha gramu 35 za silika nilizokoroga na heksani kwenye bika mpaka ziwe kama uji mwepesi. Unamimina kwa mkupuo mmoja, koki wazi, huku unagongagonga ubavu wa kioo kwa kipande cha mpira ili mapovu yapande. Ilitulia kwenye sentimita 15. Usimimine unga mkavu nje ya kabati la kuvutia hewa; vumbi lake ni laini mno, na mapafu hayalipendi.

Mchanganyiko ghafi, gramu 0.55, niliuyeyusha tena kwa dikloromethani, lakini safari hii nikaongeza gramu 1.5 za silika na kukausha kwenye rotavepa mpaka ukawa unga wa rangi ya chungwa unaotiririka. Huo ndio niliotandaza juu, kisha mchanga wa sentimita moja ili kumimina kusichimbe shimo. Utepe ulikuwa wa milimita chache tu, umenyooka kama rula.

Kwenye unga huu kiyeyushi hakishuki chenyewe kwa kasi ya maana. Lazima ukisukume kwa hewa. Mimi nilitumia pampu ndogo ya tangi la samaki. Kanuni iliyochapishwa na Still na wenzake mwaka 1978 ni kiyeyushi kilicho juu ya silika kishuke inchi 2, yaani kama sentimita 5, kwa dakika.

Nilikusanya mililita 10 kwa kila testitubu. Heksani tupu ilitoa manjano ya ferosini kwenye namba 9 hadi 14. Kisha nikapandisha ethili asetati polepole, 9 kwa 1 mililita 50, halafu 4 kwa 1. Kuruka ghafla kunaweza kuipasha silika joto na kuleta mapovu. Wekundu wa asetilferosini ulitoka namba 27 hadi 40. Macho hayatoshi, nikadondoshea kila moja kwenye kibamba: 27 ilikuwa na kivuli cha manjano juu, 40 ilikuwa hafifu. Nikaunganisha 28 hadi 39 tu. Nilipata gramu 0.37, asilimia 60, ikayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 83. Kahawia iliyobaki juu ya kolamu niliiacha hukohuko.

Lawama yangu moja ni kopo. Mfuniko haubani, na kwa unyevu wa Dar silika inanyonya maji. Wiki mbili baadaye nilirudia kazi ileile, asetilferosini ikatoka testitubu sita kabla ya ilivyotarajiwa, ikiburuzana na mkia wa ferosini. Nilitandaza silika kwenye trei, nikaiweka ovenini kwa nyuzi 120 usiku kucha, tabia yake ikarudi. Sasa naihifadhi kwenye chupa ya mdomo mpana yenye mpira. Nyota nne.