Sabuni au kitakasa mikono: mpishi mwenye mikono ya siagi na unga anunue nini?

Nilinunua chupa kubwa ya kitakasa mikono, ile ya jeli yenye pampu, nikaiweka kando ya ubao wa kukandia. Nilikuwa nakanda unga kwa siagi, na katikati ya kazi nikavunja mayai mabichi. Badala ya kwenda kwenye sinki nikabonyeza pampu, nikasugua. Jeli ilishikana na unga ikawa vijipande vidogo vyeupe kama makombo ya kifutio, vingine vikadondokea kwenye donge. Siagi haikutoka. Ilisambaa tu hadi mgongoni mwa mkono, na donge zima likanuka manukato. Nilitupa vyote.

Tangu hapo, bidhaa ya mikono naipima kwa jambo moja ambalo lebo hazilitaji: inafanya nini ikikuta utando wa mafuta? Rangi, harufu na umbo la chupa sivijali.

Alkoholi ya kitakasa huua vijidudu inavyovigusa, mradi iwe angalau asilimia 60 na ikae mkononi mpaka ikauke yenyewe. Lakini siagi hufunika ngozi, na unga uliolowa hukauka kama gundi kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha. Vijidudu vilivyo chini ya tabaka hilo havifikiwi vizuri. Tena kitakasa hakiondoi kitu: kilichokuwa mkononi kinabaki mkononi. Na unga mbichi si safi kama unavyoonekana, kwani unaweza kubeba salmonela. Sabuni hufanya kazi kwa njia nyingine. Kila chembe yake ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, hivyo mafuta hung'olewa yakaenda na maji, pamoja na vijidudu vyake.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na sifichi kwamba naipenda Dawn. Ndiyo ambayo waokoaji wa wanyamapori huitumia kuwaosha ndege waliochafuliwa na mafuta ya petroli, na siagi ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Siri ni kuipaka mikono ikiwa bado mikavu. Futa kwanza siagi kwa karatasi, weka tone moja lenye ukubwa wa punje ya harage, sugua mpaka mikono iteleze kote na utando uwe mweupe, halafu ndipo ufungue maji. Ukianza na maji, sabuni inazimuliwa kabla haijayakuta mafuta. Sugua kwa sekunde 20, na usisahau kidole gumba na chini ya kucha.

Mikono ya unga ina utaratibu wake. Isugue kwanza ikiwa mikavu, juu ya pipa la taka, unga udondoke. Kisha tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto huufanya unga unate zaidi. Sabuni ije mwisho.

Ukitaka kujua kama umetakata, mwagia maji kiganja kilichosuuzwa. Yakitandaa sawasawa, mafuta yameisha. Yakijikusanya matone matone, rudia.

Ubaya wa sabuni ya vyombo ni kwamba hukausha ngozi, na ngozi iliyopasuka huwa maficho ya vijidudu. Anayenawa mara nyingi kwa siku anunue pia namba mbili, sabuni ya maji ya mikono isiyo na manukato, kwa nyakati ambazo mikono haina mafuta. Sabuni ya kipande ni namba tatu. Inasafisha, ila unga hung'ang'ania juu yake.

Kinachonikera ni wauzaji wanaotoza zaidi kwa neno "inaua bakteria". Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19, triklosani kikiwemo, katika sabuni za aina hiyo za matumizi ya kawaida, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Bado neno hilo linauza, na bei inapanda. Na ile "asilimia 99.9" kwenye chupa za vitakasa haisemi mikono iliyopimwa ilikuwa na siagi au la.

Kitakasa kinashika mkia. Kinunue cha safarini, au kipake baada ya kunawa na kukausha mikono, kisishike nafasi ya kunawa. Hata kwenye mikono safi hakiviwezi vizuri virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha. Na jikoni, subiri kikauke kabisa kabla ya kusogelea jiko, kwa sababu alkoholi hushika moto na mwali wake karibu hauonekani.