Tuitazame kanzu hii kabla ya kuisifia

Karibuni darasani, wanafunzi na watazamaji wetu. Mezani leo kuna kanzu nyeupe ya dukani. Najua kuna aliyekwisha kusema "nzuri". Hiyo ni hukumu, na mteja hawezi kukatiwa nguo kwa hukumu. Tuanze na maelezo.

Naitundika, mnarudi nyuma hatua tatu. Kwa umbali huu semeni umbo tu: imenyooka kutoka begani, inapanuka kidogo chini, shingo ya mviringo isiyo na kola, mikono mirefu, urefu sentimita 145 kutoka begani. Darizi bado. Macho yakishatua kwenye darizi, hamtaona kitu kingine.

Sasa sogeeni. Kitambaa ni poplini ya pamba. Nimechomoa uzi kwenye upindo nikauchoma: umenuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Ungekuwa wa poliesta ungeyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kisha vipande, kutoka juu kwenda chini. Badani la mbele na la nyuma, mikono, halafu taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana. Hapa kwapani ndipo wengi wanaporuka. Inueni mkono wa kanzu hadi usawa wa bega. Mnaona kipande kidogo cha mraba kilichokaa pembe kwa pembe? Hicho ni kikwapa. Kinampa mvaaji nafasi ya kuinua mkono bila kuvuta badani. Fundi akikiacha ili aokoe kitambaa, kila mkono ukiinuka upindo nao unapanda, na mshono wa kwapa ndio unaoanza kufumuka. Kwenye kanzu hii kipo, ila pembe moja ina tundu: mishono minne haikukutana mahali pamoja. Liandikeni hilo.

Shingoni, sasa mnaruhusiwa kutazama darizi. Ilazeni kanzu mezani bila kuinyoosha kwa mkono. Shingo imesimama mawimbi. Nikigeuza ndani naona sababu: kaba, yaani kitambaa cha ndani ya shingo, ni chepesi mno kubeba darizi nzito hivi, kwa hiyo uzi umekivuta. Pasi itaituliza shingo mpaka ifuliwe.

Tukiwa huku ndani, mishono imepitishwa ovaloki, safi kabisa, sina la ziada.

Mwisho ni upindo: sentimita 2. Hapo pigeni hesabu kidogo. Poplini ambayo haikuloweshwa kabla ya kukatwa ikirudi kwa asilimia 3, kanzu hii inapungua zaidi ya sentimita 4. Hata mkiufumua upindo wote mtapata 2 tu. Kama mvaaji anataka ifike kwenye kifundo cha mguu, achukue saizi inayofuata, na shingo ile airudishe kwa fundi ikabadilishwe kaba.