Zawadi ya mpishi wa biriani: kikaango au zafarani?

Shangazi ndiye mpishi wa biriani katika ukoo wetu, na kila Idi tunabishana: tumnunulie chombo au viungo?

Chombo hudumu. Kikaango cha chuma kizito kikitunzwa kinarithiwa. Ila kina masharti: kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta kidogo, la sivyo kinapata kutu. Ukwaju na nyanya zikichemka humo muda mrefu huondoa ule weusi unaozuia chakula kushika. Tatizo kubwa zaidi ni kurudia. Jikoni kwake nilihesabu mbuzi za nazi tatu, mbili hazijawahi kuguswa. Kabla ya kununua, chungulia kabatini au muulize anayeosha vyombo.

Zafarani hairudiwi, maana huisha. Gramu moja ni ndogo mkononi lakini bei yake inauma, na ya bandia ni nyingi. Loweka nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu: halisi hutoa njano polepole na uzi hubaki mwekundu; iliyopakwa rangi huachia wekundu papo hapo, uzi ukabaki mweupe. Iliki nayo nunua nzima, ya kijani, mbegu zake nyeusi na zenye kunata. Ya unga hupoteza harufu upesi.

Kwa kijana anayeanza kupika kwake, mimi ningetoa kikaango. Kwa shangazi, zafarani, labda aseme mwenyewe kwamba kikaango chake kimepasuka.