Kurudisha hela na mzigo kwenye WooCommerce: uzoefu wa duka langu la viatu Dodoma

Nauza viatu vya shule na vya kazini hapa Majengo, Dodoma, na tangu 2023 nauza pia mtandaoni kwa kutumia WooCommerce, mfumo wa kuendesha duka kwenye tovuti. Upande wa kuuza sina neno: oda inaingia, stoo inapungua yenyewe, mteja anapata ujumbe. Ninachotaka kueleza ni pale mteja anapotaka kurudisha mzigo, kwa sababu hapo nilimkosea mtu, na nisingependa mwenye duka mwingine apitie njia hiyohiyo.

Anza na hili: WooCommerce ukiiweka ilivyo haina fomu ya mteja kuomba kurudisha bidhaa. Ina sehemu ya mwenye duka kurekodi marejesho, basi. Fomu unaongeza mwenyewe kwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Yangu nimeifanya fupi: namba ya oda, kiatu kipi, tatizo ni nini, picha ya soli mahali palipoandikwa saizi, na namba ya simu ya kupokelea hela pamoja na jina iliyosajiliwa nalo. Hilo jina niliongeza baadaye. Unapotuma hela kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Kama halifanani na lililo kwenye fomu, unasimama na kumpigia mteja kwanza.

Sasa kisa chenyewe. Mama mmoja wa Kondoa aliagiza pea mbili za viatu vya shule kwa ajili ya binti zake, namba 36 na namba 38. Kila pea 28,000, nauli ya mzigo 6,000, jumla 62,000, akalipa kwa simu. Mzigo ulipofika, mkubwa akakosa kiatu. Boksi limeandikwa 38, lakini ndani soli inasoma 36. Kwenye picha aliyotuma namba ilionekana wazi kabisa, hapakuwa na cha kubishana. Boksi lilitoka hivyo kwa muuzaji wa jumla na sisi hatukulifungua kukagua. Akairudisha pea kwa basi hadi stendi ya Nzuguni, kwa gharama yake ya 5,000.

Kwa kuwa kosa lilikuwa letu, tulikubaliana arudishiwe 28,000 ya kiatu pamoja na ile 5,000 aliyolipa kurudisha mzigo. Kwenye mfumo unafungua oda, unabonyeza `Refund`, na visanduku vinajitokeza mbele ya kila mstari. Ukiweka 1 kwenye idadi ya pea ya 38, 28,000 inajijaza yenyewe. Ile 5,000 tuliiandika kwenye mstari wa usafirishaji, jumla ikasoma 33,000. Napenda sana sehemu hii, kwa sababu kila shilingi inabaki kwenye mstari wake. Ukiangalia oda miezi mitatu baadaye, unaona kiatu kimerudi kwa bei gani na nauli iliyorudi ni kiasi gani.

Kijana wangu wa dukani akamaliza kwa kitufe chenye neno `manually`, akafunga kompyuta, akaondoka. Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Dada, nimepata ujumbe kwamba hela yangu imerudi. Nimeangalia simu tangu jana, hakuna kitu."

Nilimwomba radhi, nikamtumia 33,000 palepale tukiwa bado tunaongea. Lakini fikiria, usiku mzima alikuwa na barua pepe yenye jina la duka langu inayosema amelipwa, na hajalipwa.

Kijana hakuwa na nia mbaya, alielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Kitufe cha `manually` hakihamishi hata senti. Kinaandika kwenye oda kwamba umerudisha, kinapunguza mauzo kwenye ripoti, na kinamtumia mteja taarifa. Hela unatuma wewe, nje ya mfumo. Kama njia ya malipo uliyounganisha inaruhusu marejesho, utaona kitufe cha pili chenye neno `via` na jina la njia hiyo, na hicho ndicho kinachoagiza hela irudi. Kwangu hakipo, kwa hiyo kila marejesho ni ya kutuma kwa mkono.

Tangu siku ile tumegeuza mpangilio. Hela inatumwa kwanza, namba ya muamala inaandikwa kwenye oda kama `Private note`, ndipo `Refund` inabonyezwa. Kwa utaratibu huo, barua pepe inamkuta mteja akiwa na hela yake tayari. Makato ya kutuma ninayabeba mimi na kuyaandika kwenye matumizi ya duka, siyachanganyi na marejesho. Ile sehemu ya kuandika sababu ya marejesho muwe nayo makini, maana mteja anaweza kuisoma. Mambo ya ndani ya duka yaende kwenye `Private note`.

Nije kwenye stoo, ambako tulikaribia kukosea mara ya pili kwenye oda hiyohiyo. Kwenye dirisha la marejesho kuna kisanduku cha `Restock refunded items`, na kinakuja kimeshawekwa tiki. Ukikiacha, mfumo unaongeza idadi kwenye kile kilichouzwa. Kilichouzwa kwenye karatasi ni 38, lakini kilichorudi mkononi ni 36. Kabla ya oda tulikuwa na maboksi manne ya 38 na baada yake mfumo ukasoma matatu. Tuliyafungua yote matatu, na kweli yalikuwa na 38 ndani. Tungeacha tiki, mfumo ungerudi kusoma nne, na mteja wa nne angelipia kiatu ambacho hakipo. Kwa hiyo tiki tuliitoa, kisha tukaingia kwenye bidhaa yenyewe, tukaongeza moja kwenye saizi ya 36 kwa mkono.

Tiki tunaitoa pia kiatu kikirudi kimetembelewa. Vumbi letu la Dodoma halifichi kitu, ukigeuza soli unajua kimevaliwa sebuleni au kimefika barabarani. Kiatu cha namna hiyo hakirudi kwenye idadi ya kuuza. Kinakaa pembeni hadi niamue bei yake.

Kuna njia moja ya mkato ambayo siitumii tena, ya kubadilisha hali ya oda moja kwa moja kuwa `Refunded` kwenye orodha ya hali. Mfumo unahesabu oda nzima kuwa imerudishwa, lakini hela haitumi na stoo haiongezi. Kwa oda kama ya huyu mama, ambaye pea ya 36 alibaki nayo, ingefuta mauzo halali ya 28,000.

Kila Jumamosi jioni nafungua `Analytics`, naangalia safu ya `Returns`, na kuilinganisha na taarifa ya miamala ya simu ya biashara. Marejesho yanahesabiwa siku yalipofanyika, si siku ya oda, kwa hiyo oda ya mwisho wa Desemba inaweza kupunguza mauzo ya Januari. Ilinisumbua kidogo mwanzoni. Rejesho lolote lisilo na muamala wake tunalifuatilia siku hiyohiyo kabla ya kufunga duka.

Kwa duka la ukubwa wangu, lenye marejesho machache kwa mwezi, naendelea na WooCommerce na nimeridhika. Ningekuwa na marejesho kumi kwa siku ningetafuta njia ya malipo yenye kile kitufe cha `via`, maana kutuma kwa mkono kungenishinda. Yule mama wa Kondoa aliagiza tena 38 wiki ileile. Safari hiyo nilifungua boksi mwenyewe, nikapiga picha ya soli na kumtumia kabla mzigo haujapanda basi.