Hamira mbichi au kavu? Ipi ununue, na utajuaje kama bado iko hai

Kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize utaimaliza lini. Hamira ni kiumbe hai, na ikishafunguliwa huanza kufa kidogo kidogo. Kwa anayeoka mara moja kwa wiki au chini ya hapo, mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza ni hamira kavu ya papo hapo, ile yenye chembe ndogo sana, katika vipakiti vya gramu 7. Unaichanganya na unga mkavu moja kwa moja, na kipakiti kimoja kinatosha takriban nusu kilo ya unga. Pakiti kubwa huonekana nafuu, lakini kama utakaa nayo miezi mingi, unafuu huo unaishia kwenye pipa la taka. Ukiinunua, ibonyeze kwanza. Pakiti iliyotolewa hewa huwa ngumu kama tofali. Ikiwa imelegea, hewa imeingia, iache dukani. Ukishaifungua, ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa ndani ya friji au friza.

Ya pili ni hamira kavu yenye chembe kubwa za duara. Hii huamshwa kwanza kwa maji ya nyuzi 38 hadi 43 za Selsiasi. Usitumie maji baridi, kwa sababu ngozi ya seli iliyokauka bado haijajikaza, na vilivyomo ndani huvujia nje na kulegeza donge.

Ya tatu ni hamira mbichi, ile ya kipande laini. Si kwamba ni mbaya. Inayeyuka vizuri na huanza kazi upesi, na anayeoka kila siku angeiweka juu kabisa. Lakini sehemu kubwa yake ni maji, hivyo hata kwenye friji hudumu wiki mbili au tatu tu. Kipande kizuri kina rangi ya maziwa yaliyokolea kidogo, na ukikivunja kinakatika na kumeguka. Kikiwa cha kahawia, kinateleza au kinanuka vibaya, usikichukue. Ukibadilisha aina, gramu 21 za mbichi hufanya kazi ya gramu 7 za papo hapo.

Sasa kupima uhai. Chukua nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisha nyunyiza vijiko viwili vya chai vya hamira kavu. Kwa mbichi, meng'enya kipande cha ukubwa wa kidole gumba na utumie maji yaliyopoa zaidi, nyuzi 30 hadi 35. Usitie chumvi. Subiri dakika 10. Hamira hai hutoa povu zito linalopanda na kufunika uso wote wa maji, na harufu yake ni ya mkate. Chembe zinazoelea mwanzoni zisikudanganye, maana hata iliyokufa huelea kabla ya kulowa.

Kosa linalowapata wengi ni maji. Yakifika nyuzi 60, yanaiua hamira nzima, nawe utasema ulinunua mbovu. Mimi niliwahi kuoka mkate uliobaki kama jiwe, kwa hamira kutoka kopo lililokaa wazi miezi kadhaa karibu na jiko. Nikaipima, hakuna povu. Lakini nilikuwa nimemimina maji ya birika bila kuyagusa, kwa hiyo sikujua ni kopo lililoharibika au ni mimi niliyeiunguza. Nikarudia kwa vikombe viwili, maji yaleyale ya uvuguvugu, sukari ileile: kimoja hamira ya kopo, kingine kipakiti kipya. Baada ya dakika 10, kipya kilikuwa na povu karibu na ukingo. Cha kopo kilikuwa na pete nyembamba ya viputo pembeni, na katikati maji ya rangi ya tope. Hapo nikajua maji hayakuwa na kosa. Tatizo lilikuwa hamira. Tangu siku hiyo napima kwa vikombe viwili kila ninapokuwa na shaka.

Hamira ya namna ile, iliyo nusu hai, watu huiokoa kwa kuongeza kipimo mara mbili. Donge litaumuka, lakini seli zilizokufa huachia kitu kinacholegeza unga, na mkate hutanuka pembeni badala ya kupanda juu. Mimi huitupa.

Kama hukuipima hamira mapema na donge tayari umelikanda, meng'enya kibonge cha ukubwa wa njugu, kitie kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu. Kitazama. Kikipanda juu ndani ya robo saa hivi, gesi imeanza kujaa ndani yake na donge lako linaendelea vizuri. Kikibaki chini hata baada ya nusu saa, pika kitu kingine kwanza, na kwa donge hilo tumia hamira mpya: iyeyushe kwa maji kidogo ya uvuguvugu, uikandie ndani, ongeza unga kidogo kufidia maji hayo, kisha uliache liumuke upya.