Kuku wa jina moja, Kisumu na Nakuru: utume masala au utoe mapishi?

Mwenye jina la mgahawa wa kuku yuko Kisumu, mshirika anafungua tawi Nakuru kwa jina hilo hilo na atamlipa ada kulingana na mauzo. Kumpa mapishi kwenye karatasi ni rahisi: hakuna usafirishaji, na viungo ananunua sokoni kwake. Lakini pilipili ya wiki hii si ya wiki ijayo, na mkataba ukivunjika mapishi yamekwenda. Alama ya biashara iliyosajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama hizo, hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa, lakini hulinda jina, si ladha.

Mimi ningetuma masala yaliyochanganywa Kisumu, kwenye pakiti zilizofungwa. Gharama inapanda, na basi likichelewa jiko linakwama, hivyo mshirika awe na akiba ya wiki mbili. Faida kubwa ni hesabu. Tuseme pakiti moja inatosha kilo 20 za kuku. Akiripoti kuuza kilo 300, alihitaji pakiti 15. Akiwa ametumia 9 tu, anapunguza masala au anachanganya yake. Akitumia 15 na kuripoti kilo 180, huenda anaficha mauzo, na ada yako inapungua.

Pakiti haionyeshi mafuta yaliyochoka, meusi na yenye povu. Hayo utayaona ukifika bila taarifa.