Rangi ya kiashiria au mchoro wa derivativu?

Katika titresheni, unaongeza besi kidogo kidogo kutoka kwenye bureti na kutafuta mwisho, yaani pale asidi yote inapokuwa imeshamalizwa. Kwa asidi ya siki na hidroksidi ya sodiamu, kiashiria cha fenolfthalini kinatosha: waridi hafifu ikitokea isipotee, unafunga bureti. Lakini sampuli ikiwa na rangi nzito au tope, jicho halina la kuona. Hapo natumia elektrodi ya pH.

Karibu na mwisho naongeza 0.10 ml kila mara, nasubiri namba itulie, naandika. Tuseme nimepata hivi: 24.80 ml, pH 6.95; 24.90 ml, pH 7.38; 25.00 ml, pH 9.90; 25.10 ml, pH 10.45.

Derivativu ya kwanza ni kasi ya pH kupanda kwa kila mililita: 4.3, kisha 25.2, kisha 5.5. Kilele kiko 24.95, katikati ya vipimo viwili, lakini hicho ni kisio tu. Ncha halisi inaweza kuwa pembeni kidogo. Derivativu ya pili, yaani kasi ya hiyo kasi kubadilika, hutoa jibu kali zaidi: ni +209 pale 24.90, na −197 pale 25.00. Ilipovuka sifuri ndipo mwisho: 24.90 + 0.10 × 209/406, yaani 24.95 ml. Safari hii zimekubaliana.

Ubaya wake? Kila derivativu hukuza makosa ya usomaji. Ukiongeza 0.02 ml kwa elektrodi isiyotulia, utaona vilele viwili vitatu vya uongo. Ukiona hivyo, usichague kirefu kwa kubahatisha. Rudia kwa hatua kubwa zaidi.